Kibao kilikuwa langoni, mnunuzi akaletwa na mamake: kisa cha kamisheni ya nyumba ya Bamburi

Mwalimu aliingia ofisini kwangu akiwa na bahasha ya kaki, na kabla hajaketi alikwisha kuitoa barua iliyokuwamo. Ilikuwa barua ya madai kutoka kwa wakili wa dalali. Ilimtaka alipe shilingi 533,600 katika siku 14: kamisheni ya asilimia 5 ya bei ya nyumba, yaani 460,000, na juu yake kodi ya VAT ya asilimia 16. Nyumba ilikuwa imeuzwa kwa shilingi 9,200,000.

"Nyumba nimeiuza mwenyewe," aliniambia. "Mnunuzi ni mtoto wa mwenzangu wa chama, mamake ndiye aliyenipigia simu. Huyu kijana hata sura ya mnunuzi haijui. Nimlipe kwa kazi gani?"

Swali hilo la "kwa kazi gani" nimelisikia mara nyingi kutoka kwa wauzaji, na ni swali la haki. Lakini mahakama haianzi nalo. Mahakama huanza na jingine: uliahidi nini? Mtu anaweza kuahidi kulipa hata kwa kazi ambayo haikufanyika, mradi ameahidi kwa maneno yaliyo wazi. Kwa hiyo nilimwomba Mwalimu anionyeshe alichosaini.

Majina ya wahusika nayaacha. Muuzaji nitamwita Mwalimu, kama mtaa mzima unavyomwita, kwa kuwa alifundisha shule ya msingi hadi akastaafu. Mali yenyewe ni nyumba ya vyumba vitatu juu ya kiwanja cha hamsini kwa mia, Bamburi, kaunti ya Mombasa.

Alichosaini kilikuwa fomu ya ukurasa mmoja, ya tarehe 11 Februari 2023, iliyochapwa na ofisi ya dalali. Maneno yaliyotuhusu yalikuwa mistari miwili tu. Wa kwanza: "Mwenye mali anamteua wakala kuwa wakala wa pekee wa kuuza mali hii kwa muda wa siku 90." Wa pili: "Kamisheni ya asilimia 5 ya bei italipwa mali itakapouzwa." Bei iliyoandikwa ilikuwa shilingi 11,000,000, inajadilika.

Fomu haikusema mali ikiuzwa na nani. Kesi nzima ilizunguka pengo hilo.

Dalali alifanya kazi yake, na hili nalisema kwa moyo mweupe kwa sababu wauzaji hupenda kulisahau. Alipiga picha, akatangaza mitandaoni, akasimamisha kibao langoni chenye namba yake ya simu. Katika miezi miwili ya kwanza alileta wateja watano, na Mwalimu aliwafungulia mlango wote. Hakuna aliyefika bei.

Mwishoni mwa Machi kulikuwa na hitima mtaani. Baada ya kisomo, akina mama wakiwa wamekaa kwenye mkeka, mwenzake wa chama alisema kwamba mwanawe anayefanya kazi Doha anatafuta nyumba upande wa Bamburi, amechoka kulipa kodi. Mwalimu akasema yangu inauzwa. Mama yule alikuwa hajui. Usiku huo akampigia mwanawe, na tarehe 2 Aprili mke wa huyo kijana, anayeishi Kiembeni, akaja na mama mkwe wake kuiona nyumba.

Mke alipofika langoni alisimama. "Kumbe ndiyo hii yenye kibao?" akasema. "Mimi nilishapiga hii namba. Nikaambiwa milioni 11, nikaona imetupita."

Mwalimu alinisimulia haya bila kuficha, na nikamheshimu kwa hilo, maana ndipo kesi ilipobadilika. Mpaka hapo nilidhani tuna kisa chepesi cha mnunuzi ambaye dalali hakuwahi kugusana naye kwa njia yoyote. Sasa kulikuwa na uzi mwembamba: mke wa mnunuzi aliwahi kukiona kibao cha dalali na kupiga simu.

Mume alizungumza bei na Mwalimu moja kwa moja kutoka Doha kwa siku kadhaa. Walikubaliana 9,200,000. Mkataba wa mauzo ulisainiwa tarehe 28 Aprili, arubuni ya asilimia 10 ikalipwa kwa wakili. Hesabu siku 90 kutoka 11 Februari na utaangukia 12 Mei. Kwa hiyo mauzo yalifanyika ndani ya muda wa fomu, na utetezi wa "muda ulikuwa umekwisha" haukuwepo.

Halafu Mwalimu akanyamaza. Hakumwambia dalali. Kibao kilibaki langoni. Tarehe 6 Mei, siku nane baada ya kusaini mkataba, dalali alileta mteja mwingine na Mwalimu akamfungulia mlango kama kawaida. Nilimwuliza kwa nini. Alitazama chini. "Nilimwonea haya," akasema. Dalali alijua ukweli katikati ya Julai alipopita na kuona mafundi. Akampigia: "Shikamoo Mwalimu. Mbona nyumba yapakwa rangi?" Naye akajibu: "Marahaba mwanangu. Nimeshauza." Wiki moja baadaye ikaja ile barua.

Nilianza kwa kukagua milango ya pembeni, kwa sababu wakati mwingine kesi huishia huko. Nchini Kenya biashara ya uwakala wa nyumba inaongozwa na Sheria ya Mawakala wa Nyumba, Sura ya 533, na mtu asiyesajiliwa na bodi yake haruhusiwi kuifanya. Dalali asiye na usajili anayedai kamisheni anaiomba mahakama imsaidie kuvuna kutokana na kazi aliyokatazwa na sheria, na hiyo ni hoja nzito dhidi yake. Huyu alikuwa amesajiliwa na cheti chake cha mwaka kilikuwa hai. Mlango huo ukafungwa.

Ndugu wa Mwalimu naye alikuja na hoja yake: kwamba fomu haikushuhudiwa na mtu, na mambo ya ardhi lazima yaandikwe na kushuhudiwa. Hili linawapotosha wengi. Sheria ya Mikataba, Sura ya 23, kifungu cha 3(3), inadai maandishi, saini na shahidi kwa mkataba wa kuhamisha haki katika ardhi. Mkataba wa kumlipa dalali hauhamishi ardhi yoyote. Ni mkataba wa huduma, na unaweza hata kufungwa kwa mdomo. Muuzaji anayejitetea kwa kusema "sikusaini kitu" anaweza kujikuta analipa kwa sababu ya ujumbe mmoja wa WhatsApp alioandika "sawa, 5% hakuna shida".

Kwa hiyo tulirudi kwenye ile mistari miwili.

Kuna aina tatu za makubaliano ya kuuza kupitia dalali, na watu huzichanganya kwa sababu majina yake yanafanana. Ya kwanza ni ya wazi: unawapa madalali wowote unaotaka, na anayeleta mnunuzi ndiye analipwa. Ya pili ni wakala wa pekee: unaahidi kutompa dalali mwingine kazi hiyo kwa muda fulani. Ya tatu ni haki ya pekee ya kuuza: unaahidi kwamba mali ikiuzwa ndani ya muda huo, na yeyote yule, hata wewe mwenyewe, dalali atalipwa. Kati ya ya pili na ya tatu kuna tofauti ya maneno machache tu, na katika kesi hii maneno hayo yalikuwa na thamani ya shilingi 460,000.

Fomu ya Mwalimu ilisema "wakala wa pekee". Suala la kama mwenye mali anayeuza mwenyewe amevunja ahadi ya namna hiyo liliamuliwa Uingereza mwaka 1931, katika Bentall, Horsley na Baldry dhidi ya Vicary. Mwenye mali alikuwa amewapa mawakala kazi ya pekee, kisha akauza mwenyewe kwa mnunuzi ambaye mawakala hawakumleta. Jaji McCardie alisema hakuvunja kitu. Kumfanya mtu kuwa wakala wako wa pekee ni kuahidi kwamba hutaweka wakala mwingine. Wewe mwenye nyumba si wakala wa nafsi yako. Anayetaka kumzuia mwenye mali asiuze mali yake aandike hivyo kinaga ubaga.

Msomaji anaweza kuuliza hukumu ya London ya 1931 inahusu nini Bamburi. Inahusu kwa sababu hiyohiyo Sura ya 23, katika kifungu cha 2, inafanya sheria ya Uingereza kuhusu mikataba, ile iliyojengwa na hukumu za majaji, kuwa msingi wa sheria yetu ya mikataba. Katika eneo hili la kamisheni, ambako Bunge halijaandika mengi, hukumu hizo ndizo mawakili wa pande zote mbili hufungua.

Wakili wa dalali hakulala. Alisema: hata ukikubali hayo, mstari wa pili unasimama peke yake. "Kamisheni italipwa mali itakapouzwa." Haikuandikwa "mali itakapouzwa na wakala". Mali imeuzwa, basi lipa.

Hoja hii ilinikosesha usingizi siku mbili, sitaficha. Jibu lake liko sehemu mbili. Kwanza, fomu ilitungwa na dalali mwenyewe, na maneno yenye maana mbili husomwa dhidi ya aliyeyatunga, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na kalamu. Pili, ni Luxor dhidi ya Cooper, hukumu ya 1941 ya Baraza la Mabwana, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, ambayo ndiyo mama wa kesi zote za kamisheni. Inaanzia kwenye jambo ambalo kila dalali analijua: katika mapatano ya kawaida dalali analipwa ujira mkubwa kwa matokeo, na kwa sababu ni mkubwa, anabeba hatari ya kutoka mikono mitupu. Anaweza kuleta wateja kumi na asipate senti. Mahakama haitamwongezea ahadi ambayo mwenye mali hakuitoa ili kumwondolea hatari hiyo. Ukisoma mstari wa pili kwa jicho hilo, "mali itakapouzwa" ni wakati wa kulipa kamisheni iliyokwisha kustahiki. Hauelezi nani ameistahiki.

Lakini bado kulikuwa na ile simu ya Kiembeni.

Dalali aliandika katika hati yake ya ushahidi kwamba mnunuzi "aliifahamu mali kupitia kibao cha mdai". Ikiwa ni hivyo, basi mnunuzi si wa Mwalimu peke yake. Mauzo yamezaliwa na kazi ya dalali, na Mwalimu amemruka. Hapo hata wakala wa kawaida asiye wa pekee angelipwa. Kipimo ambacho mahakama hutumia ni kuuliza ni nini kilichokuwa sababu iliyozaa mauzo. Kuwa mtu wa kwanza kumtajia mnunuzi nyumba si lazima kuwe ndiyo sababu hiyo.

Katika Foxtons dhidi ya Pelkey Bicknell, ya Mahakama ya Rufaa ya Uingereza mwaka 2008, wakala wa kwanza alimwonyesha mnunuzi nyumba yenyewe. Mnunuzi akaondoka bila hamu. Baadaye bei ikashuka, akarudi kupitia wakala mwingine na akanunua. Wakala wa kwanza akadai kwamba yeye ndiye aliyemtambulisha. Mahakama ikasema hapana: kumtambulisha mtu kwa nyumba hakutoshi, ni lazima umtambulishe kwa ununuzi. Yule wakala alikuwa na zaidi ya alichokuwa nacho dalali wetu, na bado alishindwa.

Tuliomba daftari la wateja la dalali. Lilikuwa daftari la kawaida lenye jalada gumu, kurasa zimepigwa mistari kwa rula, safu tano: tarehe, jina, simu, maelezo, na ya mwisho "amepelekwa". Wateja wote waliofika kwenye nyumba walikuwa na alama ya vema katika safu hiyo ya mwisho, na tarehe pembeni. Mstari wa tarehe 3 Machi ulisema, kwa wino uleule wa ukurasa mzima: "Mama, Kiembeni. Ameuliza bei. Nimemwambia 11M. Atapiga tena." Safu ya mwisho ilikuwa tupu.

Mstari huo ulikuwa wa kweli kabisa. Dalali aliyeuandika ni mtu makini, na hakuuongeza baadaye. Lakini ulisema kila tulichohitaji. Hakumpeleka. Hakumpigia tena. Hakumuuliza anaweza kufika bei gani, ingawa fomu ilimruhusu kusema bei inajadilika. Mume hatajwi popote. Kwa dalali mazungumzo yalikufa tarehe 3 Machi kwenye bei ya milioni 11, na yakaanza upya kwingine, kwa mtu mwingine, mwezi mmoja baadaye, juu ya mkeka wa hitima.

Kesi ilipelekwa Mahakama ya Madai Madogo ya Mombasa. Mahakama hii ilianzishwa na sheria ya 2016 na inapokea madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Inatakiwa kumaliza kesi katika siku 60, na haifungwi na kanuni kali za ushahidi, kwa hiyo daftari na picha za WhatsApp ziliingia bila mvutano. Anayedai ndiye anayethibitisha.

Swali nililomuuliza dalali lilikuwa moja lenye sehemu tatu, nikiwa nimelifungua daftari mbele yake. Huyu mama wa Kiembeni, alifika kwenye nyumba pamoja nawe? Hapana. Ulimpigia tena baada ya tarehe 3 Machi? Hapana, alisema atapiga yeye. Kabla ya mwezi wa saba, ulijua ana mume Doha? Hapana. Mama wa mnunuzi alitoa ushahidi baadaye, akaeleza hitima na simu ya usiku ule, na akaonyesha ujumbe wa mwanawe uliosema, "Mama, ya nani hiyo? Bei gani?" Mtu aliyekwisha kuijua nyumba kupitia kibao haulizi ni ya nani.

Mwamuzi alitupilia mbali dai la kamisheni, na ile VAT ikaanguka nayo. Alisema maneno ya fomu yalitoa uwakala wa pekee na si haki ya pekee ya kuuza, na hata kama mke na mume wangehesabiwa kuwa mtu mmoja, simu moja ya kuuliza bei haikuzaa mauzo haya. Naamini aliamua sawasawa. Vilevile naamini kwamba kama fomu ingekuwa na maneno "na mtu yeyote, akiwemo mwenye mali", Mwalimu angelipa senti zote, na hitima isingemwokoa. Na kama dalali angempeleka yule mama ndani ya nyumba Machi, akampigia wiki iliyofuata na kumwambia bei inaweza kushuka, ningemshauri Mwalimu atafute suluhu nje ya mahakama.

Kuhusu gharama za kesi, Mwalimu hakupewa kitu, ingawa alishinda. Kila upande ulibeba zake. Mwamuzi aliligusia lile la tarehe 6 Mei: mwenye mali aliyekwisha kusaini mkataba anamfungulia mlango mteja wa dalali na kumwacha aendelee kutumia nauli na muda wake juu ya nyumba isiyokuwepo tena sokoni. Halikumpa dalali haki ya kamisheni, kwa sababu hasara ya safari bure ni sehemu ya hatari ya kazi yake, na fomu haikutaja kurudishiwa gharama. Lakini lilimwondolea Mwalimu uso mbele ya mahakama, na likampa wakili wa dalali nusu saa ya kumwita mtu wa hila, mbele ya wanafunzi wake wa zamani waliokaa nyuma.

Yote hayo yangezuiwa na ujumbe mmoja jioni ya tarehe 2 Aprili, mara tu mke wa mnunuzi aliposema alishapiga ile namba. Nilimwandikia Mwalimu baadaye jinsi ungekuwa, naye akauweka katika bahasha ileile ya kaki:

"Mwanangu, leo nimepata mtu wa kuiona nyumba kupitia mwenzangu wa chama, mamake mnunuzi. Mkewe ameniambia aliwahi kupiga namba yako Machi kuuliza bei. Kama una rekodi kwamba ulimpeleka au mlizungumza zaidi, nitumie kabla ya Ijumaa. Kama huna, nitaendelea naye mwenyewe. Wateja wako wengine endelea kuwaleta mpaka nikuambie nimesaini."